Mikungu ya Ndizi ya Masoko: swali moja la hisabati, matoleo 120

Mwalimu wa darasa la saba akitaka kujua nani ameelewa faida kwa asilimia na nani amechungulia kwa jirani, swali moja lililoandikwa ubaoni halimsaidii sana. Wanafunzi watatu wakibanana kwenye dawati moja, jibu la 15 likiandikwa na mmoja, wenzake wawili wanalo tayari. Dawa yake inajulikana: kila mtoto apewe swali lilelile lenye namba zake. Kazi ipo kwenye kuyatunga. Ukiyaandika kwa mkono maswali arobaini ya namna hiyo, pamoja na majibu yake, usiku mzima utakwisha na bado machache yatakuwa na majibu kama asilimia 17.2839.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kutengeneza kiolezo cha lahajedwali kinachotoa matoleo 120 ya swali moja, kila toleo likiwa na jibu lake. Utahitaji kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc. Hii ya pili haina malipo, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Swali lenyewe nimelichukua Masoko, wilayani Rungwe, mahali ambapo mtoto wa miaka kumi na mitatu ameshaona mikungu ya ndizi ikipakiwa kwenye pikapu kupelekwa Tukuyu na anajua kwamba mwenye pikapu hapakii bure. Bei nilizotumia ni za mfano. Weka za sokoni kwako, ila usome kwanza sababu za kila namba, kwa kuwa si kila bei inafaa.

Swali ni hili: mfanyabiashara amenunua mikungu kadhaa Masoko, kila mkungu kwa bei fulani. Amelipa usafiri hadi Tukuyu. Ameuza mikungu yote kwa kiasi fulani. Faida yake ni asilimia ngapi?

Anza na jibu

Wengi huanza kwa kubahatisha namba zilizomo kwenye swali: mikungu 17, bei 5,300, usafiri 11,000, mauzo 120,000. Kisha hukokotoa jibu na kulikuta lina desimali zisizokwisha. Hubadilisha namba moja, jibu linaharibika kwingine, nao hubadilisha tena. Njia hiyo haina mwisho.

Geuza mwelekeo. Amua kwanza faida iwe asilimia ngapi, kisha chagua idadi ya mikungu, bei na usafiri, na mauzo uyaache yatokane na hizo. Mikungu 12 kwa shilingi 5,500 ni 66,000. Ongeza usafiri wa 10,000, gharama yote inakuwa 76,000. Ukitaka faida ya asilimia 15, mauzo ni 76,000 mara 115 gawa kwa 100, yaani 87,400. Mwanafunzi atapewa 12, 5,500, 10,000 na 87,400, naye atalazimika kurudi nyuma mpaka afike 15. Wewe ulikuwa nayo 15 tangu mwanzo, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa baya.

Kinachoweza kuwa kibaya sasa ni mauzo. Chukua mikungu 15 kwa shilingi 5,500 na usafiri wa 12,000: gharama ni 94,500, na faida ya asilimia 15 inaleta mauzo ya shilingi 108,675. Hakuna mtu Tukuyu anayeuza ndizi akaishia na shilingi 675, na mtoto anayelijua soko atajiuliza kama swali limekosewa. Zuia hilo mapema kwa masharti matatu. Idadi ya mikungu iwe shufwa na bei iishie kwenye mia tano au elfu kamili, ili zao lao liwe elfu kamili daima. Usafiri nao uwe elfu kamili. Asilimia za faida ziwe zinazogawanyika kwa 5. Gharama ikiwa elfu kamili na asilimia ikiwa ya tano tano, mauzo yataishia kwenye hamsini au mia, bila kubahatisha.

Orodha nne

Fungua faili jipya. Karatasi ya kwanza ipe jina Orodha, ya pili Maswali. Kwenye Orodha, mstari wa kwanza uache kwa vichwa, kisha jaza hivi kuanzia mstari wa pili.

Safu A ni idadi ya mikungu: 12, 16, 18, 20, 24. Safu B ni usafiri wa mzigo huo, kila kiasi kikae kwenye mstari wa idadi yake: 10,000, 13,000, 14,000, 15,000, 18,000. Safu C ni bei ya mkungu: 5,000, 5,500, 6,000, 6,500, 7,000, 8,000. Safu D ni faida kwa asilimia: 10, 15, 20, 30. Unapoziandika usiweke mkato. Andika 10000, mkato tutauweka baadaye.

Usafiri umefungwa na idadi kwa makusudi. Ukiuacha uchaguliwe peke yake, siku moja mikungu 24 itasafirishwa kwa 10,000 na mikungu 12 kwa 18,000, na wanafunzi wawili wakilinganisha karatasi zao watauliza, kwa haki kabisa, hiyo pikapu ni ya nani. Vitu vinavyotegemeana katika maisha vikae mstari mmoja.

Huenda umejiuliza kwa nini mikungu 16 inasafirishwa kwa 13,000 wakati 12,000 ingekaa vizuri zaidi kati ya 10,000 na 14,000. Mikungu 16 kwa 5,500 ni 88,000, na ukiongeza 12,000 unapata 100,000 kamili. Mtoto mwenye toleo hilo akiambiwa mauzo ni 115,000, asilimia 15 anaiona bila kugawanya chochote, huku jirani yake akihangaika na 113,000. Matoleo hayalingani ugumu hata kidogo. Elfu moja iliyoongezwa inaifanya gharama iwe 101,000 na wote wawili wanafanya kazi ileile. Kwa orodha hizi ni hapo tu ambapo gharama ingeangukia laki moja. Ukiziweka bei zako, tazama safu ya gharama na uwinde 100,000 na 200,000.

Vilevile 25 haimo kwenye orodha ya faida, ingawa ni ya tano tano. Kosa kubwa la wanafunzi katika mada hii ni kugawa faida kwa mauzo badala ya kugawa kwa gharama. Faida ikiwa asilimia 10 ya gharama, mwenye kosa hilo anapata 9.09. Ikiwa 15 anapata 13.04, ikiwa 20 anapata 16.67, ikiwa 30 anapata 23.08. Namba hizo zenyewe zinamwambia arudi atazame. Lakini faida ikiwa 25, akigawa kwa mauzo anapata 20 kamili, anafurahi, anapiga mstari chini ya jibu. Toleo hilo linamficha kosa lake wakati wenzake wanaonywa na desimali. Kwa hiyo 25 nimeitoa, nikaweka 30.

Namba ya toleo inachagua kila kitu

Mikungu ina chaguo 5, bei 6, faida 4. Zidisha: 5 mara 6 mara 4 ni 120. Hayo ndiyo matoleo yote yanayowezekana, na tunayataka yote bila kurudia hata moja.

Wengi hapa hutumia RANDBETWEEN, ambayo huchagua namba kwa bahati nasibu. Ina madhara mawili. Kwanza, hurudia: ukitoa matoleo 40 kwa kubahatisha kutoka kwenye 120, karibu hakika baadhi yatafanana. La pili ndilo linaloumiza. Fomula hiyo hujikokotoa upya kila unapoandika kitu kwenye seli yoyote na kila unapofungua faili. Ukichapa maswali Alhamisi na majibu Ijumaa, majibu hayo ni ya maswali mengine. Karatasi zimeshagawiwa, na hakuna njia ya kurudisha namba za jana. Kuna wanaonakili namba na kuzibandika kama thamani tupu ili zigande, na hilo linafaa, mpaka siku utakaposahau.

Njia ninayoipendekeza haibahatishi kabisa. Kila toleo lina namba yake, 1 hadi 120, na namba hiyo peke yake inaamua mikungu, bei na faida. Toleo la 7 leo ni toleo la 7 mwakani, kwenye kompyuta yoyote.

Kwenye karatasi ya Maswali, mstari wa 1 weka vichwa. Seli A2 andika 1, na uendelee chini hadi 120 kwenye A121. Seli B2 andika:

```
=MOD(37*A2,120)
```

Fomula hii inazidisha namba ya toleo kwa 37, inagawa kwa 120 na kuchukua baki. Toleo la 1 linapata 37, la 2 linapata 74, la 3 linapata 111, la 4 linapata 28, kwa kuwa 148 ukitoa 120 inabaki 28. Kazi ya 37 ni kuchanganya, ili matoleo yanayofuatana yasifanane. Haikuchaguliwa ovyo. Haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5, ambazo ndizo namba tasa zinazounda 120, na kwa sababu hiyo inapita kwenye baki zote 120, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi ilikoanzia. Jaribu kuweka 36 mahali pake na uitazame safu: baki ni kumi tu, zinarudiwa mara kumi na mbili. Maswali 120 yamegeuka kumi.

Sasa tunaigawa baki hiyo iwe chaguo tatu. Andika kwenye C2, D2, E2 na F2, kwa mpangilio huu:

```
=INDEX(Orodha!$A$2:$A$6,MOD(B2,5)+1)
=INDEX(Orodha!$B$2:$B$6,MOD(B2,5)+1)
=INDEX(Orodha!$C$2:$C$7,MOD(INT(B2/5),6)+1)
=INDEX(Orodha!$D$2:$D$5,INT(B2/30)+1)
```

C2 ni idadi ya mikungu, D2 usafiri, E2 bei, F2 faida. Fuata toleo la 1 kwa penseli. B2 ni 37. Ukigawa 37 kwa 5 inabaki 2, ongeza 1, ni kitu cha tatu kwenye orodha: mikungu 18, usafiri 14,000. Sehemu nzima ya 37 gawa kwa 5 ni 7, nayo ukiigawa kwa 6 inabaki 1, ongeza 1, ni bei ya pili: 5,500. Sehemu nzima ya 37 gawa kwa 30 ni 1, ongeza 1, ni faida ya pili: 15. C na D zinatumia hesabu ileile ya baki, ndiyo maana mikungu na usafiri wake haviachani.

Kama kompyuta yako inaikataa mikato ndani ya fomula, weka nukta-mkato mahali pake. Hiyo inategemea lugha na nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio. LibreOffice Calc ikiikataa alama ya mshangao iliyo baada ya jina la karatasi, weka nukta mahali pake: `Orodha.$A$2:$A$6`.

Alama za dola usiziache. Fomula zitaburutwa chini mistari 120, na bila dola orodha nazo zitateremka pamoja na mistari. Utalijua kosa hilo haraka: kuanzia mstari wa tatu au wa nne zinaanza kuonekana sifuri kwenye safu ya mikungu au ya bei, kwa sababu fomula inasoma seli tupu zilizo chini ya orodha.

Uchanganyaji huu una faida niliyoitafuta kwa makusudi. Matoleo yanayofuatana yanatofautiana kwa 37 au 83 kwenye safu B, na yanayoachana kwa hatua mbili yanatofautiana kwa 74 au 46. Faida moja inachukua baki 30 tu zilizofuatana. Kwa hiyo matoleo matatu yanayofuatana hayawezi kuwa na jibu moja, popote unapoanzia. Ukigawa karatasi kwa mfululizo, watoto watatu wa dawati moja wana majibu matatu tofauti. Mpaka wake pia uujue: faida ziko nne tu, basi mtoto wa dawati la nyuma anaweza kuwa na jibu sawa na wa mbele. Ukitaka kupunguza hilo, ongeza 35 na 40 kwenye orodha ya faida. Hapo idadi ya matoleo inakuwa 180, nawe utabadilisha 120 iwe 180 kwenye B2, uendeleze namba za safu A hadi 180, na kwenye F2 uifikishe orodha hadi `$D$7`. Hatua ya 37 bado inafaa, kwani 180 nayo inaundwa na 2, 3 na 5.

Gharama, mauzo na sentensi

Seli G2 ni gharama na H2 ni mauzo:

```
=C2*E2+D2
=G2*(100+F2)/100
```

Katika ya pili, zidisha kwanza ndipo ugawe. Ukiandika `G2*(1+F2/100)` unaiingiza kompyuta kwenye desimali kama 1.15, ambazo haiwezi kuzihifadhi kwa ukamilifu, na mara chache mauzo yatakosa ukamilifu kwa sehemu ndogo mno ya desimali. Kwa kuzidisha kwanza, hesabu yote inabaki kwenye namba kamili.

I2 ni swali lenyewe, likishonwa kwa alama ya `&`:

```
="Mfanyabiashara alinunua mikungu "&C2&" ya ndizi Masoko,
kila mkungu kwa shilingi "&TEXT(E2,"#,##0")&". Alilipa shilingi "
&TEXT(D2,"#,##0")&" kuisafirisha hadi Tukuyu, akaiuza yote kwa
shilingi "&TEXT(H2,"#,##0")&". Tafuta faida yake kwa asilimia."
```

Iandike kwa mstari mmoja bila kukatisha. Hapa imekatwa ili ienee kwenye ukurasa. Fomula ya TEXT inarudisha mkato wa maelfu. Bila hiyo mwanafunzi ataletewa 129950 na kupoteza muda kuhesabu tarakimu. Angalia nafasi kabla na baada ya kila alama ya nukuu, maana ndipo maneno yanapogandana: "mikungu18ya ndizi".

Kiswahili kinatusaidia hapa. Ukitaka majina badala ya "mfanyabiashara", la kike au la kiume litaingia bila kugusa neno lingine, kwa kuwa "alinunua" ni ya wote. Kinachodai uangalifu ni ngeli. Ukibadilisha bidhaa kutoka mikungu kwenda parachichi au magunia ya kakao, "kuisafirisha" na "akaiuza yote" zitageuka. Nashauri bidhaa isibadilishwe na fomula. Kila bidhaa itengenezewe kiolezo chake, sentensi iandikwe upya na mtu, isomeke kama Kiswahili.

Sasa buruta mstari wa 2 kuanzia B2 hadi I2 mpaka mstari wa 121. Toleo la 1 linasomeka: mikungu 18, kila mmoja 5,500, usafiri 14,000, mauzo 129,950. La 2: mikungu 24, kila mmoja 6,000, usafiri 18,000, mauzo 194,400. La 3: mikungu 16, kila mmoja 7,000, usafiri 13,000, mauzo 162,500. Majibu yao ni 15, 20 na 30. Ukipata tofauti, simama hapo, usiendelee.

Uhakiki unaohakiki kweli

Jibu liko safu F tangu mwanzo, lakini ulilipanga wewe. Hujathibitisha kwamba mwanafunzi anayesoma swali atalifikia. Uhakiki lazima upite njia ya mwanafunzi: uchukue namba anazoziona yeye tu, usiguse F wala G. Seli J2:

```
=IF((H2-C2*E2-D2)*100/(C2*E2+D2)=F2,"sawa","KAGUA")
```

F imetajwa mwisho tu, kulinganishwa. Buruta chini, kisha kwenye seli iliyo pembeni andika `=COUNTIF(J2:J121,"sawa")`. Lazima isome 120. Chini yake hakiki marudio kwa `=SUMPRODUCT(1/COUNTIF(B2:B121,B2:B121))`, ambayo inahesabu baki zisizofanana. Hiyo nayo isome 120. Ikisoma 10 au 60, umebadilisha 37 ukaweka namba yenye kigawo cha pamoja na 120.

Ipo hitilafu moja ambayo fomula hizi haziioni. Kama kwenye sentensi uliandika G2 mahali pa D2, karatasi ya toleo la 1 itasema usafiri ulikuwa 113,000, swali litakuwa halina maana, na safu J itaendelea kusema "sawa" kwa sababu yenyewe haisomi sentensi. Kwa hiyo chapa matoleo matatu, funga kompyuta, uyafanye kwa penseli ukisoma karatasi tu. Chagua dogo kuliko yote, mikungu 12 kwa 5,000 yenye faida 10, ambalo mauzo yake ni 77,000. Chagua kubwa kuliko yote, mikungu 24 kwa 8,000 yenye faida 30, mauzo 273,000. La tatu chukua lolote la katikati. Bora zaidi, mpe mwalimu mwenzako ambaye hajakiona kiolezo.

Safu mbili za kusahihishia

Hapa kiolezo kinakupa kitu ambacho mwongozo wa kawaida wa kusahihisha hauna. Kwa kuwa kompyuta inajua namba za kila toleo, inaweza pia kukueleza jibu atakalopata mwanafunzi akikosea kwa namna fulani. K2 ni ya aliyegawa kwa mauzo, L2 ni ya aliyesahau usafiri:

```
=ROUND((H2-G2)*100/H2,2)
=ROUND((H2-C2*E2)*100/(C2*E2),2)
```

Toleo la 1 linatoa 15 kwa aliyepatia, 13.04 kwa aliyegawa kwa mauzo, na 31.26 kwa aliyesahau usafiri. Unaposahihisha daftari ukaona 31, huhitaji kuipitia kazi yote kutafuta alipopotea. Andika pembeni "usafiri?" na uende kwa mwingine. Baada ya daftari arobaini unajua kama darasa limekwama kwenye usafiri au kwenye kugawanya, na kesho unajua pa kuanzia. Mimi naona hii ndiyo sababu kubwa ya kuhangaika na lahajedwali, kuliko hata kuzuia kuchungulia.

Pitia safu L kwa jicho la pili kutafuta namba kamili. Utazipata kwenye matoleo kadhaa. Mojawapo ni mikungu 12 kwa 5,000 yenye faida 20: mauzo ni 84,000, na aliyesahau usafiri anatoa 60,000, anagawa, anapata 40 kamili. Kosa lake halimwonyi. Nimeyaacha matoleo hayo kwa ajili ya mazoezi. Kwa mtihani ningeziruka namba hizo na kumpa mtoto nyingine.

Kuchapa na kugawa

Tengeneza karatasi ya tatu, iite Chapa. A2 weka `=Maswali!A2`, B2 weka `=Maswali!I2`, buruta. Panua safu B, ruhusu maandishi yakunjike ndani ya seli, weka mistari ya mipaka, na usiunganishe seli, kwa sababu seli zilizounganishwa mara nyingi hazirefuki zenyewe na nusu ya swali hukatika kwenye karatasi. Chapa, kata vipande kwa mkasi, gawa kwa mfululizo wa namba. Mwanafunzi aandike namba ya toleo juu ya jibu lake. Asipoiandika, jibu lake ni vigumu kulisahihisha, basi litangaze hilo kabla hawajaanza.

Kama shule haina printa na mnategemea duka la kuchapa mjini Tukuyu, peleka PDF ya karatasi ya Chapa peke yake. Usipeleke faili la lahajedwali: majibu yamo ndani hata ukiyaficha, na kompyuta ya huko inaweza kuwa na mipangilio inayogeuza mkato wa maelfu kuwa nukta.

Darasa la watoto 45 linatumia matoleo 1 hadi 45. Zoezi la marudio tumia 46 hadi 90, na wale waliokosa mara mbili wapo 91 hadi 120.

Swali lingine, tahadhari nyingine

Kiolezo hiki kinabeba swali lolote linaloweza kuanzia kwenye jibu, lakini kila mada ina mtego wake. Chukua mzingo wa duara. Ziwa la kreta la Masoko, ambalo wengi huliita pia Kisiba, lina kipenyo cha takriban mita 700, na kwa 22/7 mzingo wake unatoka mita 2,200 kamili. Ni mfano mzuri wa kuanzia somo. Lakini ukiingiza kipenyo kwenye orodha na kukibadilisha kuwa 490 au 840, usiliite tena Ziwa Masoko, andika "ziwa la mviringo". Namba za mfanyabiashara asiye na jina unaweza kuzitunga. Kipimo cha ziwa ambalo watoto wanaliona njiani si chako kukibadilisha.

Kwenye mada hiyo vipenyo vyote viwe vigawe vya 7, na fomula ya jibu iandikwe `=22*C2/7`, usitumie `PI()`. Kompyuta ikitumia `PI()` kwa kipenyo cha 700 inatoa 2,199.11, na mwongozo wako wa kusahihisha utawakosesha wanafunzi wote waliofanya kama ulivyowafundisha.